Wahandisi wa kijeshi: Jinsi jeshi linavyopata njia, kutoka Mto Mkondoa hadi nyanda za Mkata

Mtu anayesafiri kwa treni kutoka Morogoro kwenda Dodoma hupita Kimamba, kisha Kilosa, na baada ya hapo reli huingia katika bonde jembamba la Mto Mkondoa na kupanda nao kuelekea Kidete na Gulwe. Upande mmoja ni mlima, upande wa pili ni maji. Anayesafiri kwa basi kwenda Iringa hupita kusini zaidi, akikata mbuga za Mkata na Hifadhi ya Mikumi. Njia zote mbili zina jambo moja linalofanana: daraja likikatika mahali pamoja, hakuna njia ya mkato.

Mwaka 1916 sehemu hii ilikuwa uwanja wa vita. Katika makala haya tunaitumia kueleza kazi ambayo husemwa kwa nadra hadithi za vita zinaposimuliwa, nayo ni kazi ya wahandisi wa kijeshi. Hao ndio askari wanaojenga daraja, wanaofungua barabara na wanaotafuta mabomu yaliyofukiwa ardhini. Tutaona kwamba swali lao la kwanza si adui yuko wapi. Wao huuliza mzigo gani utapita hapa, na utapita kwa muda gani.

Kilosa, Agosti 1916

Reli ya Kati ilijengwa na Wajerumani kuanzia Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Kigoma mwaka 1914, miezi michache kabla ya Vita Kuu ya Kwanza kuanza. Mwaka 1916 majeshi ya Uingereza, chini ya Jenerali Jan Smuts wa Afrika Kusini, yalishuka kutoka kaskazini kuja kuiteka. Kikosi cha Jenerali Jaap van Deventer kilifika kwenye reli Dodoma, kikageukia mashariki, kikaingia Mpwapwa tarehe 12 Agosti na Kilosa tarehe 22 Agosti. Tarehe 10 Septemba kilikuwa Kidodi, karibu na Mto Ruaha Mkuu.

Ukiziangalia tarehe hizo peke yake, unaona ushindi wa haraka. Lakini Wajerumani na askari wao Waafrika walikuwa wakirudi nyuma kwa mpango. Kila walipoondoka walilipua madaraja ya reli nyuma yao. Kwa hiyo Waingereza waliiteka reli, ila hawakupata treni. Walipata tuta, vyuma na mito iliyokosa madaraja.

Hapa tueleze jambo ambalo mhandisi hulitazama kwanza anapofika kwenye daraja lililovunjwa: ni kitu gani hasa kilichoharibiwa? Daraja lina sehemu tatu. Kuna mihimili inayobeba njia juu, kuna nguzo zinazosimama mtoni, na kuna vitako, yaani kuta za mawe au zege kwenye kingo mbili ambazo mihimili hulalia. Mhimili ukianguka, kazi inaweza kufanyika kwa siku chache, kwa sababu unaweza kuweka mwingine wa magogo juu ya nguzo zilezile. Nguzo ikilipuliwa, kazi ni ngumu zaidi. Kitako kikivunjwa, ukingo wenyewe huporomoka na urefu wa pengo huongezeka. Ndiyo maana mtu anayejua kuvunja huweka baruti penye nguzo na vitako, siyo katikati ya daraja.

Kuvuka mto: kupima kabla ya kukata mti

Kabla ya kujenga, mhandisi hupima mto. Anahitaji upana, kina, kasi ya maji na aina ya udongo wa chini. Kasi hupimwa kwa njia ambayo mtoto yeyote wa kando ya Mkondoa anaweza kuifanya: unapima mita 20 ukingoni, unatupa kijiti majini na kuhesabu sekunde. Kijiti kikitumia sekunde 20, maji yanakwenda mita moja kwa sekunde. Kina hupimwa kwa mti mrefu, hatua kwa hatua hadi ng'ambo. Mti huohuo hueleza habari za chini: ukigonga na kurudisha mlio, kuna mwamba au kokoto, ukizama taratibu, ni tope.

Kisha linakuja swali la mzigo. Daraja la askari wa miguu wanaopita mmojammoja ni jambo moja, la mikokoteni ya ng'ombe ni jingine, na la kichwa cha treni ni jingine kabisa. Kwa daraja la magogo kuna kanuni mbili rahisi. Ukiongeza urefu wa pengo mara mbili bila kubadilisha gogo, uwezo wake wa kubeba mzigo uliosimama katikati hupungua kwa nusu. Lakini ukitumia gogo lenye unene mara mbili, uwezo huongezeka mara nane. Kwa hiyo gogo moja nene lina thamani kuliko magogo matatu membamba, na mhandisi mwenye akili hupeleka watu wake mbali kutafuta mti mzuri badala ya kufunga pamoja miti ya karibu.

Pale ambapo nguzo imevunjika, njia ya haraka ni kujenga nguzo ya muda kwa kupanga magogo tabaka juu ya tabaka, kila tabaka likikata lile la chini yake, kama watu wanavyopanga tanuri la mkaa. Katikati hujazwa mawe ili maji yasiiondoe. Mahali pengine reli yenyewe huhamishwa: badala ya kurudisha daraja juu, wahandisi hutelemsha njia ya pembeni hadi karibu na maji, wakavuka kwa daraja fupi la chini, wakapanda tena ng'ambo.

Mwezi wa Agosti mbinu hizo zinafaa, kwa kuwa mito ya Kilosa huwa imepungua. Hata hivyo, hata kiangazi kazi ilichukua muda. Kwenye Mto Wami pale Dakawa, mapigano yalikuwa tarehe 17 Agosti, lakini jeshi kuu la Smuts lilibaki hapo hadi kama tarehe 23 likisubiri daraja. Lilipoingia Morogoro tarehe 26, adui alikuwa ameshaondoka. Siku zile za kusubiri daraja zilimpa muda wa kutoka.

Kwenye reli, wahandisi wa Afrika Kusini walifanya uamuzi wa busara. Hawakungoja kila daraja liwe na nguvu ya kubeba treni. Walianza kwa kuyatengeneza yabebe mzigo mwepesi tu, kisha wakachukua malori, wakayafunga magurudumu ya kutembelea reli, na kuyatumia kuvuta mabehewa. Mzigo ulianza kupita wakati kazi ya kuimarisha madaraja ikiendelea.

Kwa nini daraja moja ni sawa na mamia ya watu

Mtu anaweza kuuliza: kwa nini kuhangaika na malori wakati jeshi lina wapagazi? Tufanye hesabu ndogo ya mfano.

Tuseme mpagazi anabeba kilo 25 za chakula, anatembea kilomita 20 kwa siku, naye anakula kilo moja kila siku. Askari 1,000 wako mbele, umbali wa kilomita 100 kutoka kwenye reli, na kila mmoja anahitaji kilo moja ya chakula kwa siku. Mpagazi anakwenda siku tano na kurudi siku tano. Anakula kilo 10 njiani, kwa hiyo anafikisha kilo 15. Ili zifike kilo 1,000 kila siku, wanatakiwa wapagazi 67 wafike kila siku, na kwa kuwa safari nzima ni siku 10, jumla yao ni karibu 670.

Sasa jeshi lisonge mbele hadi kilomita 200. Safari inakuwa siku 20, mpagazi anakula kilo 20, anafikisha kilo tano tu. Wanatakiwa wapagazi 200 kila siku, jumla 4,000. Umbali umeongezeka mara mbili, watu wameongezeka mara sita. Na kwenye kilomita 250 mpagazi anakula mzigo wote, hafikishi kitu. Hapo hatujahesabu risasi, dawa wala majeruhi wa kurudishwa.

Lori la tani moja, hata likitumia siku mbili kwenda kilomita 100 kwa barabara mbaya na siku mbili kurudi, linapunguza hesabu ile ya kwanza hadi malori manne. Ila lori linahitaji daraja la kulibeba. Daraja moja likikosekana, watu 670 wanarudi njiani.

Wanyama hawakuweza kujaza pengo. Maeneo mengi kati ya Kilosa, Mikumi na Ruaha yalikuwa na mbung'o, na farasi, nyumbu na ng'ombe wa jeshi walikufa kwa wingi. Mzigo ukarudi kichwani kwa binadamu. Wapagazi waliokufa upande wa Uingereza katika kampeni nzima ya Afrika Mashariki hukadiriwa kuwa kama 95,000, wengi wao kwa maradhi, njaa na uchovu kuliko kwa risasi. Kikosi chao kwa Kiingereza kiliitwa kwa jina ambalo midomo ya watu wa pwani ililigeuza kuwa Kariakoo, na ndilo jina la mtaa na soko la Dar es Salaam hadi leo. Njia mbovu haikuchelewesha vita tu. Iliua watu.

Barabara juu ya udongo mweusi

Kusini mwa reli kuna nyanda za Mkata, na sehemu zake nyingi zina udongo mweusi wa mbuga. Wakati wa kiangazi udongo huo ni mgumu na una nyufa ambazo mguu unaweza kuingia. Mvua ikinyesha, unavimba, unanata na kukosa nguvu. Gurudumu likipita mara moja linaacha mfereji, la pili linauongeza kina, na la kumi linakwama.

Mhandisi wa barabara katika udongo huo anapigana na maji kuliko na udongo. Kazi yake ya kwanza ni kuchimba mitaro pande mbili na kuinua tuta katikati, ili maji yasisimame njiani. Ya pili ni kuweka kalvati mahali ambapo maji yana desturi ya kukatiza, kwa sababu tuta lisilo na tundu ni bwawa, na bwawa hupasuka. Pale ambapo kuna tope lisilo na mwisho, hulaza miti ya unene wa mkono ikikingama barabara, mmoja ubavuni mwa mwingine, kisha humwaga udongo juu. Njia hiyo hutikisa gari, lakini hugawa uzito na kuzuia gurudumu lisizame. Kwa kilomita moja, ukitumia miti yenye unene wa sentimita 10, unahitaji miti 10,000. Hapo unaelewa kwa nini barabara kama hiyo huwekwa kwenye mita mia chache zilizo mbaya kabisa, siyo safari nzima.

Kosa la kawaida la kazi za haraka ni kusahau msimu. Daraja la chini lililojengwa Agosti ni zuri hadi mvua zitakapokuja. Maji yakipanda huleta magogo na takataka zinazojikusanya kwenye nguzo, huku mkondo ukichimba mchanga chini yake. Daraja hilo halivunjiki kwa kuzidiwa na mzigo. Huanguka kwa kukosa pa kusimama. Dalili ni nguzo inayoinama kidogo upande ambako maji yanatoka, au ufa kati ya njia na ukingo. Mvua za 1916 hadi 1917 zilikuwa kubwa kuliko kawaida, na sehemu kubwa ya barabara na madaraja ya muda yaliyojengwa kiangazi haikuhimili. Mapigano yalikaribia kusimama kwa miezi, na askari wa mbele walikula nusu ya posho au pungufu.

Daraja linalobebwa kwa vipande

Tatizo hilo la kutafuta miti na kujenga upya kila mara lilipata jibu katika Vita Kuu ya Pili. Mhandisi Mwingereza Donald Bailey alibuni daraja la chuma la vipande vinavyofanana. Kila fremu ina urefu wa mita tatu hivi, kimo cha mita moja na nusu, na uzito wa kilo 260 hivi, kiasi ambacho watu sita wanaweza kukinyanyua bila winchi. Fremu huunganishwa kwa pini. Mzigo ukiwa mkubwa, huongezwa safu ya pili ubavuni au juu.

Ufundi wake uko kwenye kulivusha. Daraja lote huungwa ukingo mmoja, juu ya roli, kisha husukumwa kuelekea ng'ambo. Mbele yake hufungwa pua, yaani fremu tupu zisizo na sakafu, ambazo ni nyepesi. Mradi sehemu iliyo nyuma ya roli ni nzito kuliko iliyo hewani, daraja haliinami. Pua ikifika ng'ambo inapokelewa na roli nyingine, halafu inafunguliwa. Kosa linalotisha ni kusukuma kabla ya kuongeza uzito wa nyuma, kwa sababu daraja likishaanza kuinamia mtoni hakuna mikono ya kulirudisha.

Nchini kwetu umuhimu wa madaraja ya muda ulionekana mwezi Novemba 1978, majeshi ya Idi Amin yalipolivunja kwa baruti daraja la Kyaka kwenye Mto Kagera. Wapiganaji wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania hawakuweza kuwapeleka ng'ambo vifaru na mizinga hadi wahandisi wao walipoweka madaraja ya muda.

Mabomu ya kufukiwa

Kazi ya tatu ni ile inayoogopwa. Katika vita vile vya kwanza Wajerumani walifukia mabomu barabarani na chini ya reli, mengi yakiwa ya kutengenezwa kwa baruti na hata makombora ya mizinga mikubwa. Bomu moja huharibu kitu kidogo, lakini hofu yake hupunguza mwendo wa jeshi zima. Reli ya Uganda, upande wa Kenya, ilishambuliwa hivyo mara nyingi mwaka 1915.

Dalili ambazo mhandisi huzitafuta ni za kawaida: udongo wenye rangi tofauti na wa jirani, sehemu iliyobonyea baada ya mvua, nyasi zilizokauka mahali pamoja, waya, mzoga wa mnyama, au njia ambayo wenyeji wameacha kuipita bila sababu ya wazi. Baada ya macho hufuata kifaa cha kutambua chuma, kisha kijiti chenye ncha kinachoingizwa ardhini kwa mshazari, ili kiguse bomu ubavuni na siyo juu, mahali ambapo panabonyezwa.

Hapa ni lazima tutofautishe kazi mbili. Wakati wa mapigano mhandisi hufungua ujia tu, mita chache za upana, akauwekea alama pande zote mbili ili jeshi lipite. Yaliyo nje ya ujia yanabaki. Baada ya vita, mkulima hahitaji ujia. Anahitaji shamba zima, na hapo bomu moja lililobaki linatosha kulifanya shamba lisilimwe. Kifaa cha chuma hulia kwa kila msumari na kila kizibo cha chupa, na kila mlio lazima uchimbwe kwa uangalifu.

Sehemu ya jibu la tatizo hilo ilipatikana mkoani Morogoro kwenyewe. Tangu mwaka 2000 shirika la APOPO, lililoanzishwa na Mbelgiji Bart Weetjens, limekuwa likifundisha panya buku katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Panya hunusa baruti, si chuma, kwa hiyo msumari haumpotezei muda. Uzito wake ni kilo moja na kidogo, mdogo mno kulipua bomu la kawaida la kutegea watu. Akifungwa kamba kati ya waongozaji wawili, huenda akirudi kwa mistari, na akinusa baruti hukwaruza udongo. Eneo lenye ukubwa wa uwanja wa tenisi humchukua nusu saa hivi, wakati mtu mwenye kifaa cha chuma anaweza kutumia siku nzima au zaidi. Panya wa Morogoro walifanya kazi Msumbiji, nchi iliyotangazwa mwaka 2015 kuwa haina tena maeneo yanayojulikana kuwa na mabomu, na Kambodia, ambako panya aitwaye Magawa alipata medali ya dhahabu mwaka 2020.

Panya naye ana mipaka. Hafanyi kazi vizuri penye nyasi ndefu, hivyo lazima mashine au watu wafyeke kwanza. Hafai kwenye ujia unaofunguliwa chini ya risasi. Na anaonyesha mahali tu. Kulifukua na kuliharibu bomu bado ni kazi ya mtu aliyesomea.

Njia zilezile

Leo treni na mabasi hupita Kilosa na Mikumi bila abiria kufikiria vita. Lakini kila masika yakiwa makubwa, Mkondoa hurudi kwenye tuta la reli, na mafundi huenda wakiwa na maswali yaleyale ya Agosti 1916: maji yana kasi gani, chini kuna nini, na mzigo upi upite kwanza. Wewe ukisimama kwenye daraja karibu nawe baada ya mvua, usiangalie sakafu. Chungulia chini ya nguzo. Ukiona maji yamechimba shimo pale inaposimama, toa taarifa mapema kwa ofisi ya kijiji au kwa wahusika wa barabara, hata kama magari bado yanapita.

Na ukikuta shambani chuma cha zamani chenye umbo la risasi kubwa, usikiguse wala usikipeleke kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Weka alama kwa mbali, zuia watoto, uwaite polisi. Umri wa bomu hauliondolei hatari.